Klipu za Hatari Barabarani: Kwa Nini Dereva Mzoefu Hupata Sifuri

Dereva aliyeendesha lori kwa miaka mingi kati ya Dar es Salaam na Mbeya akihamia Uingereza, leseni yake ya Tanzania humruhusu kuendesha gari dogo huko kwa miezi 12. Baada ya hapo anaanza upya kama mwanafunzi, na kabla hajaruhusiwa kukaa na mtahini ndani ya gari lazima afaulu mtihani wa nadharia. Wa Kenya hali yake ni hiyo hiyo, kwa sababu leseni za nchi zetu hizi hazimo kwenye orodha ya zile zinazobadilishwa moja kwa moja. Mtihani una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali 50 ya kuchagua jibu, na ya pili ni klipu za hatari barabarani. Ukifeli moja, unarudia zote mbili na kulipa ada upya.

Ungetarajia mtu huyu ahangaike na maswali, maana yameandikwa kwa Kiingereza na tangu Aprili 2014 hakuna tena sauti ya lugha nyingine za kigeni ya kumsomea, kisha apite kwenye klipu bila shida. Klipu hazina maandishi ya kusoma. Ni barabara tu, na barabara anaijua. Lakini wengi wa watu wetu huanguka hapo hapo, tena wanaanguka wakiwa na uhakika kwamba waliona kila kitu. Naamini wanasema kweli. Waliona, ila hawakufahamu kipimo kinapima nini na kinaanza kuhesabu lini.

Kwanza jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Sehemu hii iliingizwa kwenye mtihani wa nadharia Novemba 2002. Kwa anayetafuta leseni ya gari dogo kuna klipu 14, kila moja ikiwa na urefu wa takriban dakika moja, zikionyesha barabara kama inavyoonekana kutoka kiti cha dereva. Tangu Januari 2015 ni picha zilizotengenezwa kwa kompyuta badala ya zile zilizopigwa kwa kamera. Klipu 13 zina hatari moja moja ya kuhesabiwa, na moja ina mbili, wala huambiwi ni ipi. Jumla ni hatari 15, kila moja ina alama 5, hivyo alama zote ni 75. Wa gari dogo na wa pikipiki anafaulu kwa 44.

Kila ukiona hatari inajitokeza unabonyeza kipanya, na alama ndogo ya bendera nyekundu inatokea chini ya skrini kuonyesha kwamba mbonyezo wako umepokelewa. Bendera hiyo haikuambii kama ulibonyeza kwa wakati. Hutaweza kurudisha klipu nyuma, wala kuiangalia mara ya pili.

Sasa lililo muhimu. Waandaaji wa klipu wameweka kipindi cha muda kwenye kila hatari, tukiite dirisha. Dirisha linafunguka pale hatari inapoanza kuonekana kwamba itamlazimu dereva kubadili mwendo au mwelekeo, na linafungwa pale ambapo kujibu kumeshachelewa. Limegawanywa sehemu tano. Ukibonyeza ndani ya sehemu ya kwanza unapata 5, ya pili 4, hivyo hivyo hadi 1. Ukibonyeza baada ya dirisha kufungwa unapata sifuri. Na ukibonyeza kabla halijafunguka, mbonyezo huo hauhesabiwi kabisa, hata kama ulikuwa umekiona kitu chenyewe na kutabiri sawasawa kitakachotokea.

Hapo ndipo dereva mzoefu anapopotea.

Chukua klipu ya mfano, niliyoitunga kwa kufuata aina ya matukio yanayotumika. DVSA, wakala wa serikali unaosimamia mitihani hii, hautangazi dirisha la klipu fulani linafunguka sekunde gani, kwa hiyo hesabu zinazofuata ni zangu. Unaendesha kwa maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48, kwenye mtaa wa makazi. Mbele yako, upande wa kushoto, kuna mwendesha baiskeli anayekwenda nusu ya mwendo wako. Mbele yake zaidi kuna gari la kusambaza vifurushi limeegeshwa pembezoni. Barabara ya upande wa pili ina magari yanayokuja.

Dereva wa siku nyingi akiiona picha hii ameshaimaliza. Baiskeli haiwezi kupita ndani ya gari lililoegeshwa. Lazima itoke kulia, na ikitoka itaingia kwenye njia yake. Anabonyeza mara moja, anaegemea kiti na kusubiri klipu iishe. Kwa uelewa wa barabara, jibu hilo ni zuri kuliko yote. Kwa mashine, mpaka hapo hakuna kilichotokea. Mwendesha baiskeli bado ananyoosha kando ya barabara, gari la vifurushi bado limetulia, na hakuna aliyelazimika kubadili lolote.

Sekunde chache baadaye mwendesha baiskeli anageuza kichwa na kutazama nyuma juu ya bega lake la kulia. Hapo dirisha linafunguka. Tendo hilo ni dogo, halichukui hata sekunde nzima, lakini ndilo linalogeuza jambo linalowezekana kuwa jambo linalotendeka. Kisha gurudumu la mbele linaanza kuelekea kulia, baiskeli inaiacha kingo ya barabara, halafu iko mbele yako kabisa. Mzoefu wetu yote haya ameyaona akiwa ametulia, mkono umeshaondoka kwenye kipanya, kwa sababu kwake habari hii ni ya zamani. Amepata sifuri. Kijana aliyekaa karibu naye, asiye na uzoefu wowote, ambaye alishtuka tu baiskeli ilipohama, ameondoka na alama 3.

Tuweke namba kidogo ili ionekane kwamba dirisha hilo halikuwekwa kiholela. Kwa maili 30 kwa saa gari linakula mita 13 na ushee kila sekunde. Baiskeli ya nusu mwendo inakwenda karibu mita 7. Kwa hiyo nafasi kati yenu inapungua kwa takriban mita 7 kila sekunde. Tuseme baiskeli iko mita 40 mbele wakati kichwa kinageuka, na dirisha ni la sekunde tano. Katika sekunde ya kwanza nafasi yako inatoka mita 40 hadi 33. Hapo kuachia pedali ya mafuta peke yake kunatosha. Gari linapungua mwendo taratibu, mwendesha baiskeli anazunguka kizuizi, na wa nyuma yako haoni hata taa ya breki ikiwaka. Katika sekunde ya tatu, nafasi ikiwa kati ya mita 27 na 20, utakanyaga breki kwa kiasi. Katika sekunde ya tano, kutoka mita 13 hadi 6, unaingia kwenye breki nzito, na mwishoni mwake hata ukikanyaga mpaka chini haitoshi. Kitabu rasmi cha kanuni za barabara cha Uingereza kinakadiria kwamba kwa maili 30 gari linasogea mita 9 wakati dereva bado anafikiri, kabla breki hazijaanza kufanya kazi. Mita hizo huna tena.

Kwa hiyo alama 5 hadi 1 ni kipimo cha nafasi iliyobaki. Anayepata 5 ni yule ambaye abiria wake hajui kwamba kulikuwa na hatari. Anayepata 1 amemwagia abiria chai. Ukilitazama hivyo, mtihani una akili, na ndiyo maana siungani na wale wanaosema kwamba klipu hizi ni mchezo wa kompyuta usiohusiana na uendeshaji. Uchunguzi mkubwa uliofuatilia madereva wapya wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba waliopitia klipu walipata ajali chache zaidi za aina fulani, zile zisizo za mwendo mdogo ambazo dereva mwenyewe alikubali kuwa na sehemu ya lawama. Tofauti ilikuwa takriban asilimia 11. Si tofauti ya kupuuza kwa kitu kinachofanyika ukiwa umekaa mbele ya skrini.

Ninacholalamikia ni mwanzo wa dirisha, na mashine kutojua ulibonyeza kwa sababu gani. Mtu aliyebonyeza kwa kuliogopa gari lililokuwa likija upande wa pili, bila kumtazama kabisa mwendesha baiskeli, atapata alama iwapo mbonyezo wake umeangukia ndani ya dirisha. Aliyemwona mwendesha baiskeli mapema mno hapati kitu. Queensland, Australia, walijenga mtihani wao ili mtahiniwa abonyeze juu ya mtumiaji wa barabara anayehusika, gari lile au mtu yule, na hivyo angalau inajulikana alikuwa akitazama nini. Nchini Uingereza kwenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Jackson, Chapman na Crundall, walijaribu njia nyingine mwaka 2009. Klipu ilikatwa ghafla hatari ikiwa ndiyo kwanza inaanza, skrini ikawa tupu, na mtazamaji akaulizwa: nini kitatokea sasa? Madereva wazoefu waliwapita wale wanaoanza kuendesha. Njia hiyo haimwadhibu anayeona mapema. Inamtaka aseme alichokiona. Kwa maoni yangu ndiyo njia ya haki zaidi kwa mtu anayekuja na uzoefu wa barabara nyingine.

Lakini mtihani uliopo ndio huo, na mtu anataka leseni mwaka huu. Afanyeje?

Jibu ni kubonyeza kwa hatua. Ukiona kitu kinachoweza kuleta shida, bonyeza mara ya kwanza. Usikiache kwa macho. Kinapofanya badiliko la kwanza, bonyeza mara ya pili. Kinapoendelea na kuwa dhahiri, unaweza kubonyeza ya tatu. Mbonyezo uliotangulia dirisha haukupunguzii alama, na uliofuata haufuti ule uliokwisha kukupatia alama. Katika mfano wetu: wa kwanza unapoliona gari la vifurushi mbele ya baiskeli, wa pili kichwa kinapogeuka, wa tatu gurudumu linapohama. Ule wa pili ndio wenye alama 5. Kama ulikosea kidogo kuukadiria, ule wa tatu unakuokoa na 4 au 3.

Wapo wanaosikia hivi wakadhani ni ruhusa ya kubonyeza bonyeza. Si hivyo. Mashine inafuatilia mibonyezo, na ukibonyeza mfululizo au kwa mdundo, kwa mfano kila baada ya sekunde mbili, klipu hiyo nzima inapewa sifuri na ujumbe unatokea kukuambia. Nimewasikia watu wakiogopa ujumbe huo kiasi cha kubonyeza mara moja tu kwa kila klipu. Hofu hiyo inawagharimu kuliko kosa lenyewe. Mibonyezo mitatu iliyofungwa kwenye matukio matatu yanayoonekana haifanani na mdundo wowote. Mtu wa kupata shida ni yule ambaye ukimsimamisha na kumuuliza "huu ulikuwa wa nini?" hana la kusema.

Kinachotakiwa, basi, ni kujifunza kutambua badiliko. Gari lililoegeshwa si kitu mpaka indiketa ya kulia iwake, au magurudumu ya mbele yaanze kugeuka. Watu waliosimama pembezoni si kitu mpaka mmoja aelekee barabarani na kichwa chake kitazame upande wa pili badala ya upande wako. Basi lililo kituoni linabadilika indiketa inapowaka, na linabadilika kwa namna nyingine abiria aliyeshuka anapopotea mbele ya bodi lake. Gari lililo kwenye barabara ndogo ya kushoto linabadilika pale pua yake inapovuka mstari badala ya kusimama nyuma yake. Karibu kila mara kuna ishara moja ndogo kabla ya mwili mzima kusogea, na alama 5 inakaa kati ya ishara hiyo na mwendo wenyewe.

Kuna kosa la pili, kinyume cha hili la kuwahi, na kwa watu wetu ni gumu zaidi kuliona. Ni kutobonyeza kabisa kwa sababu jambo halikuonekana kuwa hatari. Aliyezoea Kariakoo saa kumi na moja jioni, ambapo bodaboda inapita kushoto, mkokoteni unakata barabara na daladala linasimama bila taarifa, ana kiwango chake cha kushtuka, na kiwango hicho kiko juu. Anaona gari likirudi nyuma taratibu kutoka uani mwa nyumba, mita 30 mbele, na moyo wake hauna habari. Anajua atalikwepa. Mguu wake wenyewe unaachia pedali bila yeye kuuamuru, kama ulivyofanya maelfu ya mara. Ila kwenye skrini hakuna pedali. Mguu umejibu, mkono haujajibu, na mashine inausoma mkono tu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si "hii inatisha?" Dereva wetu akijiuliza hivyo atajibu hapana hadi klipu iishe. Swali ni "kama ningekuwa ndani ya gari hili, mwendo wangu ungebaki ule ule?" Ikiwa jibu ni hapana, hata kwa kupunguza kidogo tu, hiyo ndiyo hatari inayohesabiwa. Nawashauri wanaojiandaa waweke mguu wa kulia sakafuni kana kwamba upo juu ya pedali ya mafuta. Ukiusikia unataka kunyanyuka, bonyeza. Inasaidia zaidi ya kukariri orodha ya hatari, kwa sababu inakurejesha kwenye maarifa uliyonayo tayari.

Desturi za barabara nazo zinahama. Kwenye barabara zetu nyingi mtembea kwa miguu ndiye anayesubiri gari lipite, hata akiwa kwenye pundamilia. Uingereza dereva ndiye anayetakiwa kumpisha, na tangu mwisho wa Januari 2022 kanuni zinasema pia kwamba dereva anayekata kona kuingia barabara ndogo ampishe anayevuka au anayesubiri kuvuka mdomo wa barabara hiyo. Mama aliyesimama na gari la mtoto kwenye ukingo wa kivuko kwa macho ya Mwanza ni mtu anayesubiri zamu yake. Kwa macho ya Leeds ni sababu ya kupunguza mwendo sasa hivi. Asiyelijua hilo atachelewa sekunde mbili nzima, na sekunde mbili kwenye dirisha la sekunde tano ni tofauti ya 5 na 3.

Wa Tanzania, Kenya na Uganda wana nafuu moja, kwamba tunapita kushoto kama Waingereza. Mswahili wa Bujumbura, Kigali au Goma ana kazi ya ziada, kwa sababu kwao magari hupita kulia na macho yake yamezoea kuanza kutafuta upande mwingine. Yeye nisingemshauri aanze na klipu kabisa. Akae kwanza kwenye kiti cha mbele cha basi la ghorofa, wiki moja au mbili, aangalie tu magari yanatokea wapi.

Kuhusu mazoezi, tatizo kubwa ninaloliona ni watu kurudia klipu zile zile za kununua mpaka wanajua sekunde ya kubonyeza. Alama zinapanda kila siku, na mtu anaamini amekomaa, kumbe amekariri. Siku ya mtihani anakutana na klipu asizozijua, nyingine za usiku, mvua au ukungu, na hana cha kushika. Klipu ukishaiona mara mbili haina tena kazi ya kukupima. Ina kazi nyingine, ile ya watafiti wa Nottingham: isimamishe kabla jambo halijatokea na umwulize mwenzako aliye pembeni kitakachofuata. Usikubali jibu la "kuna hatari". Aseme ni kitu gani, kitaelekea wapi, na ishara gani imemwambia. Akisema "baiskeli, kulia, kwa sababu mbele yake kuna gari na ameanza kugeuza kichwa," huyo yuko tayari.

Na hesabu moja ya siku yenyewe. Alama 44 kwa hatari 15 ni wastani wa chini kidogo ya 3 kwa kila hatari. Ukipata sifuri kwenye mbili nzima, 13 zilizobaki zinahitaji wastani wa karibu 3 na nusu, jambo linalowezekana kwa anayebonyeza kwa hatua. Kwa hiyo klipu ikikuharibikia, usianze kubonyeza ovyo kwenye inayofuata ili kufidia, maana hapo ndipo ule ujumbe wa sifuri hutokea. Na hatari ya kwanza ikishapita kwenye klipu yoyote, mkono ubaki kwenye kipanya hadi picha itoweke. Moja kati ya zile 14 bado ina hatari ya pili ndani yake.